Kupima pedi za neopreni chini ya boriti za daraja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Pedi inayozungumziwa hapa ni ile ambayo kwenye shantie za Lubumbashi na Bukavu huitwa neopreni tu: matabaka ya mpira na bamba za chuma yaliyoshikanishwa kiwandani kwa moto, yote yakiwa yamefunikwa na mpira kila upande. Hesabu zinafuata kanuni ya Ulaya EN 1337-3. Mfano ni mmoja toka mwanzo hadi mwisho: daraja la Lubumbashi lenye boriti 4 za zege, mita 24 kati ya egemeo na egemeo, kila boriti ikikalia pedi moja kila ncha.

Mizigo gani inahitajika kabla ya kuanza?

Minne, na yote kwa pedi moja. Kwanza uzito wa kudumu peke yake, maana ndio mzigo mdogo kabisa ambao pedi itauona. Pili uzito wa kudumu pamoja na magari, ukiwa umezidishwa kwa vizidishi vya usalama. Tatu mwendo wa ncha ya boriti kwa urefu wa daraja. Nne pembe ambayo ncha ile inainama.

Katika mfano wetu uzito wa kudumu ni kN 420 na magari yanaongeza kN 330. Jumla ikizidishwa kwa 1.35 ni karibu kN 1010. Wengi wanaandika namba hii ya pili tu wakati wa kuagiza na kuisahau ile ya kwanza. Mtaona hapa chini kwamba ni kN 420, si kN 1010, iliyoamua pedi yetu iwe na matabaka mangapi.

Mwendo wa joto unahesabiwaje kwa Lubumbashi?

Mji huu una tofauti kubwa kuliko Goma na Bukavu. Usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10, na mchana wa Oktoba, kabla mvua hazijashika, joto hupita nyuzi 30. Kando ya Ziwa Kivu, karibu na mstari wa ikweta na kwenye mwinuko wa mita 1500 hivi, miezi hufanana zaidi na mwendo wa joto ni mdogo.

Kwa usanifu tumechukua hewa ya nyuzi 5 kwa uchache na 36 kwa wingi. Zege nene halifuati hewa moja kwa moja: kwa daraja la zege tunaongeza nyuzi 8 upande wa baridi na 2 upande wa joto, hivyo boriti yenyewe inacheza kati ya 13 na 38. Ikiwa itakaa juu ya pedi ikiwa na nyuzi 25, inaweza kupoa nyuzi 12. Kwa kuwa hakuna aliyeagiza joto la siku ya kuweka, tunaongeza nyuzi 20 za tahadhari, jumla 32. Mradi ukiandika joto hilo kwenye michoro na msimamizi akalipima, tahadhari hushuka hadi 10.

Zege hurefuka au kufupika milimita 0.01 kwa kila mita na kila nyuzi moja. Daraja letu lina pedi sawa ncha zote mbili, kwa hiyo katikati yake haisogei na kila ncha inabeba mwendo wa mita 12:

```
joto:      12 x 0.01 x 32       = 3.84 mm
x 1.5 ya usalama                = 5.8 mm
kusinyaa:  12 x 0.25            = 3.0 mm
jumla                           = 8.8 mm
```

Ile milimita 0.25 kwa mita ni kufupika kwa zege kulikobaki baada ya boriti kuwekwa: kukauka kwake, na kufupika polepole kunakoletwa na nyaya zilizovutwa ndani. Boriti iliyokaa uwanjani miezi mitatu imeshamaliza sehemu kubwa ya kufupika huko. Iliyowekwa baada ya wiki mbili bado inayo karibu yote. Usipuuze hesabu hii. Baridi huja na kuondoka, lakini kusinyaa hakurudi nyuma.

Nimefunga ncha moja kwa vyuma vya kuzuia. Bado natumia nusu ya urefu?

Hapana. Ncha moja ikifungwa, mwendo wote wa mita 24 unakwenda kwenye ncha nyingine na milimita 8.8 zinakuwa 17.6. Kosa hili hutokea pale ambapo hesabu ilifanywa na ofisi moja, kisha michoro ya vyuma ikaongezwa baadaye na nyingine. Kabla ya kuagiza, angalia kwenye mchoro wa egemeo kama kuna kitu chochote kinachopita toka kwenye zege la chini kuingia ndani ya boriti.

Unene wa mpira unatokana na nini?

Kwanza na mkato, yaani pedi kulala upande juu yake inapovutwa na boriti huku chini imeshikwa na egemeo. Kipimo chake ni rahisi: mwendo gawanya kwa unene wote wa mpira. Jibu lisipite 1.0, mizigo yote ikiwa pamoja.

Tumejaribu pedi ya mm 250 kwa 400, matabaka 4 ya mm 8, mfuniko wa mm 2.5 juu na chini, na bamba 5 za chuma za mm 3. Mpira jumla ni mm 37. Pedi nzima ni mm 52. Mwendo wa joto na kusinyaa unatoa 8.8 / 37 = 0.24.

Breki za magari zina tabia yake. Ni nguvu, si mwendo, kwa hiyo ukiongeza unene wa mpira pedi inalala zaidi kwa kiasi kilekile na uwiano haubadiliki. Tukichukua lori moja la tani 30 likifunga breki, kN 300 zinagawanywa kwa pedi 8, kila moja kN 37.5, au kN 50.6 pamoja na kizidishi. Ugumu wa mkato wa mpira, G, ni MPa 0.9, lakini kwa nguvu ya ghafula desturi ya Kifaransa ni kuuchukua mara mbili:

```
breki:  50600 / (1.8 x 250 x 400) = 0.28
jumla:  0.24 + 0.28               = 0.52   < 1.0
```

Mkato wa breki ukizidi, dawa ni pedi pana au kizuizi cha zege. Kuongeza matabaka ni kupoteza pesa.

Katika hesabu zinazofuata, mkato huu wa 0.52 ni sawa na juu ya pedi kusogea mm 19.2.

Kwa nini matabaka 4 ya mm 8, na si mpira mmoja wa mm 32?

Mpira haupungui ujazo ukibanwa, unatoka pembeni. Bamba za chuma zinauzuia kutoka, na kadiri tabaka linavyokuwa jembamba ndivyo unavyokosa njia. Kipimo cha umbo, S, kinasema hivyo kwa namba: eneo linalobeba mzigo, gawanya kwa eneo la pembeni ambako mpira ungeweza kutokea.

Chuma ndani ni kidogo kuliko pedi kwa mm 5 kila upande, kwa hiyo tunahesabu kwa mm 240 x 390:

```
A1 = 240 x 390                  = 93 600 mm2
S  = 93 600 / (2 x 630 x 8)     = 9.29
Ar = 93 600 x (1 - 19.2/240)    = 86 100 mm2
ec = 1.5 x 1 010 000 / (0.9 x 86 100 x 9.29) = 2.1
```

`Ar` ni eneo linalobaki likibeba mzigo baada ya juu ya pedi kusogea zile mm 19.2. `ec` ni mnyumbuko wa mpira unaoletwa na mgandamizo. Kikomo cha minyumbuko yote mitatu pamoja, mgandamizo, mkato na kuinama, ni 7.

Sasa weka tabaka moja la mm 32 mahali pa manne. S inaanguka hadi 2.3, na mgandamizo peke yake unafika 8.4. Pedi imeshindwa kabla hata hujaihesabia joto. Kwa macho utaona tumbo kubwa pembeni, kisha nyufa za kulala kwenye tumbo hilo.

Bamba zenyewe hazisumbui. Hesabu ya mvuto ndani ya chuma cha kawaida cha MPa 235 inataka karibu mm 1.0, kanuni inataka angalau mm 2, nasi tuna 3.

Kuinama kwa ncha ya boriti kunahesabiwaje?

Hapa ndipo pedi nyingi zinashindwa, na ndipo pa kukaa kwa utulivu. Boriti ikipinda chini ya mzigo, ncha yake inainama na kubana zaidi ukingo wa pedi ulio upande wa daraja, huku ukingo wa nyuma ukiachiwa. Pedi inatakiwa iwe imeshuka vya kutosha chini ya mzigo ili ukingo wa nyuma usiachane na boriti. Ukiachana, vumbi na maji huingia, pedi huanza kutembea kidogo kidogo, na mzigo wote hukimbilia ukingo mmoja.

Kanuni inalinganisha vitu viwili: pedi imeshuka kiasi gani, na theluthi ya upande wake zidisha pembe.

```
mshuko wa tabaka moja = F x 8 / A1 x (1/(5 x G x S2) + 1/2000)

F = 1010 kN :  0.266 mm
F =  420 kN :  0.110 mm
```

`S2` hapo ni S zidisha S. Pembe zetu ni hizi. Magari: radiani 0.0045. Zege la sakafu na tabaka la barabara, vilivyowekwa baada ya boriti kukaa: 0.002. Kisha kosa la kuweka, kwa sababu uso wa kitako, yaani zege lililo chini ya pedi, na uso wa chini wa boriti havilingani kamwe kikamilifu: 0.003, yaani milimita 3 kwa kila mita.

Magari yakiwa juu, jumla ya pembe ni 0.0095. Inahitajika 240 x 0.0095 / 3 = mm 0.76, matabaka 4 yanashuka mm 1.06. Sawa.

Daraja likiwa tupu pembe ni 0.005. Inahitajika mm 0.40, na matabaka 4 yanashuka mm 0.44. Sawa, lakini kwa nafasi ndogo. Matabaka 3 yangeshuka 0.33 tu na kushindwa, ingawa chini ya magari yalitosha. Ndiyo maana kila daraja lipimwe mara mbili, likiwa tupu na likiwa na mzigo. Magari yanaleta pembe, lakini pia yanaleta uzito unaoshikilia pedi.

Boriti zenye nyaya zilizovutwa zina jambo jingine: nyaya huinua katikati na kugeuza ncha upande wa pili, na kuinuka huko huendelea kukua kwa miezi. Hesabu pembe ya nyaya peke yake na utumie muungano ulio mbaya zaidi; usizipunguze pembe mbili kimyakimya kwa sababu zina alama tofauti.

Kosa la kuweka ni 0.003 kweli? Kwetu boriti zinashushwa na krini moja kwa moja juu ya pedi.

Basi usiandike 0.003. Thamani hiyo ni ya zege linalomiminwa papo hapo juu ya pedi, au boriti inayokalishwa juu ya saruji laini inayojaza pengo. Boriti iliyotengenezwa tayari na kushushwa kavu juu ya pedi huhesabiwa 0.010.

Tazama tofauti yake. Daraja likiwa tupu pembe inakuwa 0.012, na mshuko unaohitajika mm 0.96. Tungehitaji matabaka 9. Pedi ingefika urefu wa mm 107, zaidi ya theluthi ya upande wake mfupi, kikomo ambacho kanuni ya AASHTO ya Marekani inakiweka ili pedi isiyumbe. Kwa hiyo matabaka 5 ya ziada kwa kila pedi, pedi 8, yananunuliwa ili kukwepa ndoo chache za saruji isiyosinyaa. Weka saruji.

Namna ya kufanya: mwaga tabaka la mm 20 hivi juu ya kitako, lisawazishe kwa pima maji hadi mm 1 kwa urefu wa pedi, liache likomae, weka pedi. Kisha tandaza saruji nyembamba juu ya pedi, mm 10 inatosha, na ushushe boriti ikiwa bado laini, boriti ikishikiliwa na kabari za mbao kwenye urefu wake sahihi. Futa saruji inayotoka pembeni kabla haijakauka. Ikikauka ikiwa imekumbatia pembeni mwa pedi, umeufungia mpira usitoke na usilale, na hesabu yote ya juu haina maana tena. Kabari zitolewe siku saruji imekomaa. Zikisahaulika, boriti inakalia mbao.

Upande mrefu wa pedi uelekee wapi?

Ukatize daraja. Upande mfupi, mm 250 kwetu, ufuate urefu wa boriti. Pedi ileile ikigeuzwa robo mzunguko inahitaji mshuko wa 390 x 0.005 / 3 = mm 0.65 wakati inashuka 0.44. Ukingo unainuka. Kosa hili halionekani kwenye karatasi, linaonekana siku ya kuweka tu, kwa hiyo chora mshale kwa rangi nyeupe juu ya kila pedi kabla haijapandishwa.

Na jumla ya minyumbuko?

Kuinama kunaleta mnyumbuko wake:

```
ea = 240 x 240 x 0.0095 x 8 / (2 x 4 x 8 x 8 x 8) = 1.07
jumla: 2.1 + 0.52 + 1.07 = 3.7   < 7
```

Kuna nafasi kubwa. Usijaribiwe kupunguza pedi kwa sababu hiyo. Tayari tumeona kwamba mshuko wa daraja tupu umekaza. Kuyumba pia hakutishi: shinikizo ni MPa 11.7, kikomo ni 36.

Pedi inahitaji gundi au kufungwa ili isiteleze?

Kwa mfano huu hapana. Daraja likiwa tupu shinikizo ni kN 420 juu ya eneo lililobaki, MPa 4.9, na kanuni inataka angalau 3. Msuguano wa mpira juu ya zege unakuwa 0.1 + 0.9 / 4.9 = 0.28, hivyo pedi inashikilia kN 119. Joto na kusinyaa vinasukuma kN 21, breki kN 51, jumla 72.

Shinikizo likishuka chini ya MPa 3, kama kwenye madaraja mafupi na mepesi, punguza eneo la pedi kwanza. Pedi kubwa mno ni hatari yake yenyewe: inabanwa kidogo, inateleza, na haishuki vya kutosha kufuata pembe. Gundi si jibu, maana huachia upande mmoja na kubaki imeshika mwingine. Goma na Bukavu ziko kwenye bonde la ufa. Tetemeko la Februari 2008 lilipiga Bukavu kwa nguvu. Huko, vizuizi vya zege pembeni mwa boriti viwepo hata kama msuguano unatosha kwa magari.

Naweza kukata mkanda wa kusafirishia madini na kuupanga matabaka?

Hapana. Mikanda hiyo ni migumu na inapatikana kirahisi Katanga, lakini ndani ina matabaka ya kitambaa au nyaya, si bamba, na G yake haijulikani. Vipande vikipangwa juu ya vingine havikushikanishwa, vinateleza kimoja juu ya kingine. Penye nyaya, ukingo uliokatwa unaacha chuma wazi kwa kutu. Vilevile usipange pedi mbili nzuri moja juu ya nyingine ili kupata unene: zinateleza katikati.

Niandike nini kwenye agizo, na nikague nini zikifika?

Andika vipimo vya nje, idadi na unene wa matabaka ya ndani, idadi na unene wa bamba, mfuniko wa juu, chini na pembeni, G ya MPa 0.9, mzigo mdogo na mkubwa, mwendo na pembe. Ukiandika "neopreni 250 x 400 x 52" tu, unaweza kuletewa matabaka 2 ya mm 19, yenye urefu uleule na S chini ya nusu.

Zikifika, zipime urefu kwenye kona nne. Tofauti kubwa ndani ya pedi moja ina maana bamba zilihama wakati wa kupikwa. Agiza moja ya ziada, uikate kwa msumeno wa chuma, uhesabu matabaka kwa rula. Gharama yake ni ndogo kuliko kuinua daraja kwa jeki.

Daraja limeshajengwa. Nitajuaje kama pedi zinafanya kazi?

Pima kwa pembe mraba umbali ambao ukingo wa juu umesogea kuliko wa chini. Fanya hivyo alfajiri ya Julai, kisha alasiri ya Oktoba, ukiandika tarehe na kila pedi kwa namba yake. Boriti yetu ikipita toka nyuzi 13 hadi 38, tofauti kati ya vipimo viwili iwe karibu mm 3 kwa kila ncha.

Ukipata sifuri pande zote, boriti imekwama: tafuta zege lililomwagika kwenye kiungo cha upanuzi, kabari zilizosahaulika, au mawe na udongo nyuma ya ncha. Ukipata sifuri ncha moja na mm 6 nyingine, ncha moja imejifunga. Pedi moja ikiwa imelala peke yake kati ya nne za egemeo lilelile, haibebi mzigo sawa na wenzake. Ingiza karatasi nyembamba kwenye ukingo wake wa nyuma. Ikipita, ukingo umeinuka, na chanzo karibu kila mara ni kitako kisicho sawa. Kubadilisha pedi bila kusawazisha kitako kutarudisha hali ileile.

Mkato wa kudumu unaozidi mm 26 kwenye pedi hii ya mm 37 za mpira, yaani 0.7, haubakizi nafasi ya breki. Hapo boriti zinyanyuliwe kwa jeki, zote za egemeo moja kwa pamoja na kwa milimita chache tu, pedi ziachwe zisimame wima tena, na kazi hiyo ifanywe asubuhi wakati zege lina joto la kati.